"Umeelewa?": Uhakiki wa Lugha ya Maagizo ya Kazi katika Viwanda vya Samaki vya Kisumu

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na mashairi. Maandishi yaliyobandikwa ukutani mahali pa kazi hayajahesabiwa kuwa yanastahili kuhakikiwa, ingawa wasomaji wake ni wengi, na ingawa makosa ya kuyaelewa huwa na matokeo ambayo hayapatikani kwa kulielewa vibaya shairi. Makala haya yanakusudia kuichambua lugha ya maagizo ya kazi katika viwanda vya kuchakata samaki mjini Kisumu, na hasa kuliangalia swali ambalo kila msimamizi huliuliza mwisho wa maelezo yake: "Umeelewa?" Hoja itakayotetewa ni kwamba swali hilo, kwa jinsi lilivyo katika Kiswahili na kwa jinsi linavyosikika katika Dholuo, haliwezi kutoa ushahidi wa kuelewa, na kwamba agizo lisilo na njia nyingine ya kulikagua ni agizo ambalo halijakamilika.

Kisumu inafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu ya wingi wa lugha zake. Katika chumba kimoja cha kuchuna minofu huweza kusimama mezani msemaji wa Dholuo, wa mojawapo ya lugha za Kiluhya, wa Ekegusii na wa Kinandi. Mwenye kiwanda aghalabu huandika kwa Kiingereza, afisa wa ubora huandika kwa Kiingereza pia, na msimamizi wa zamu huyapeleka hayo yote kwa Kiswahili au kwa Dholuo. Kiwango cha kusoma nacho hutofautiana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2006 kuhusu kusoma na kuandika kwa watu wazima nchini Kenya ulionyesha kwamba asilimia 61.5 walijua kusoma kwa kiwango cha chini, ilhali waliofikia umahiri wa kutumia maandishi katika shughuli zao walikuwa asilimia 29.6 tu. Tofauti baina ya tarakimu hizo mbili ndiyo inayohusika hapa. Kati ya asiyesoma kabisa na asomaye kwa ufasaha kuna kundi kubwa la watu wanaoweza kulitamka neno lililoandikwa bila ya kuweza kulifanyia kazi.

2. Maandishi yenye wasomaji wawili

Ili kuelewa kwa nini maagizo ya viwandani yaliandikwa jinsi yalivyoandikwa, hapana budi kurejea katika historia ya biashara yenyewe. Sangara, ambaye Waluo humwita mbuta, aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960. Alipoongezeka, viwanda vya kumchuna na kumsafirisha nje vilijengwa kandokando ya ziwa kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 1991 Ulaya ilitoa agizo lililomtaka kila mchakataji wa samaki ajikague mwenyewe, azitambue hatua za kazi zenye hatari na aweke kumbukumbu za udhibiti wake. Kisha, kati ya 1997 na 2000, soko hilo la Ulaya lilifungwa zaidi ya mara moja kwa samaki wa Kenya: kwanza kwa sababu ya viini vya salmonela, halafu kwa hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu iliyosemekana kutumiwa na baadhi ya wavuvi.

Funzo ambalo viwanda vililipata katika miaka hiyo lilikuwa kwamba kazi isiyoandikwa ni sawa na kazi isiyofanywa. Mkaguzi afikapo hutaka kuona taratibu zilizoandikwa, matangazo yaliyobandikwa juu ya masinki, na daftari la mafunzo lenye saini za wafanyakazi. Maandishi hayo yakaongezeka. Lakini msomaji wake wa kwanza alikuwa mkaguzi, naye mfanyakazi akawa msomaji wa pili. Mkaguzi hutaka kuona kwamba jambo limetajwa. Mfanyakazi huhitaji kujua mkono wake ufanye nini. Tangazo linaweza kumridhisha wa kwanza kikamilifu na lisimfae wa pili hata kidogo. Huu ndio msingi wa dosari zitakazoonyeshwa hapa chini.

Sheria nayo imeliona tatizo hili kwa upande mmoja. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Ni kifungu cha busara. Hata hivyo kinahusu mkataba, si maagizo ya kila siku. Na kinadai mtu aelezwe, bila ya kutaja ni kwa njia gani itajulikana kwamba ameelewa. Msemaji wa Kiswahili angetazamia mambo hayo mawili yasiachane, maana "eleza" na "elewa" ni vitenzi vya mzizi mmoja. Vyote viwili vimetokana na "elea", yaani kuwa wazi kwa mtu, kama katika usemi "jambo hili limenielea". "Kueleza" ni kulifanya jambo limwelee mwingine. Kwa maana hiyo aliyesema bila ya kueleweka amesema tu, hajaeleza.

3. Uchambuzi wa tangazo

Tangazo lifuatalo limetungwa kwa ajili ya uchambuzi huu, lakini muundo wake ni ule wa kawaida wa matangazo ya aina hiyo:

"Wafanyakazi wote wanatakiwa kuhakikisha kwamba mikono imetakaswa ipasavyo kabla ya kushughulikia samaki. Dawa iwekwe kwa kipimo kilichoidhinishwa. Maji yabadilishwe baada ya saa mbili au yanapochafuka."

Kisarufi tangazo hili halina kosa. Mwalimu wa shule ya sekondari angelipa alama nzuri. Mfanyakazi aliyeanza kazi leo hawezi kulitekeleza, na sababu zake zinafaa kuangaliwa moja moja.

Kwanza, tangazo halina mtendaji. "Iwekwe" na "yabadilishwe" ni vitenzi vya kutendwa. Havisemi nani aweke wala nani abadilishe. Mkaguzi hajali, kwa kuwa kwake kiwanda kizima ni mtendaji mmoja. Lakini wafanyakazi kumi wanaotumia ndoo moja, kila mmoja akisoma "yabadilishwe", wote kumi wanaweza kungoja. Kuna tatizo jingine ndani ya hili. Katika Kiswahili sanifu kiambishi "ya-" cha "yanapochafuka" humrejesha msikilizaji kwenye "maji". Dholuo, kwa kuwa ni lugha ya Kinailoti, haina ngeli za namna hiyo, na Kiswahili kinachosemwa mitaani Kisumu huzilegeza ngeli hata kikasema "maji imechafuka". Msikilizaji aliyekulia katika mazingira hayo hategemei kiambishi kumwonyesha kinachozungumziwa. Dawa yake ni nyepesi: nomino irudiwe. "Maji yakichafuka, badilisha maji" ni sentensi inayomchosha mhariri na kumsaidia mchuna minofu.

Pili, kuna kitenzi "takasa". Mkono uliogusa matumbo ya samaki hupitia hatua tatu ambazo haziwezi kubadilishana nafasi. Huoshwa kwa sabuni ili mafuta na damu vitoke; husuuzwa ili sabuni itoke; ndipo hutumbukizwa katika maji ya klorini ili viini vilivyobaki vife. Mpangilio huu una sababu: klorini hushambulia uchafu wowote wa asili ya mnyama, na ikikutana na damu na utelezi wa samaki hutumika huko na kumalizika kabla ya kuvifikia viini. Anayetumbukiza mkono mchafu moja kwa moja katika ndoo hajautakasa mkono. Ameiharibu ndoo kwa ajili ya wote watakaomfuata. Sasa "takasa" ni neno la ibada zaidi kuliko neno la jikoni, na halitenganishi hatua hizo tatu. "Osha", "suuza" na "tumbukiza" huzitenganisha. Kati ya hayo matatu "suuza" ndilo linalohitaji kuonyeshwa kwa vitendo, kwa kuwa kwa wasemaji wengi wa bara "osha" hulimeza.

Tatu, na hili ni zito zaidi, kuna neno "dawa". Katika Kiswahili dawa ni kinachotibu mtu, kinachoua kunguni, kinachonyunyiziwa mahindi, na pia klorini. Mwenzake wa Dholuo, "yath", una upana kama huo, na zaidi ya hayo ni mti. Kwa hiyo msemaji wa Dholuo aelezwapo kuhusu "dawa" hapotei, lakini pia haongezewi habari yoyote. Hatari huanza pale ambapo dawa mbili zimo ghalani. Klorini huuzwa kwa namna ya unga wenye nguvu ya asilimia 70 hivi, na pia kwa namna ya maji yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, kama yale ya kufulia nguo nyeupe. Tuseme ndoo ya lita 20 inatakiwa iwe na miligramu 100 za klorini kwa kila lita. Hizo ni gramu 2 za klorini halisi. Kwa unga zitahitajika gramu 3 hivi. Kwa dawa ya maji zitahitajika mililita 57 hivi. Mfanyakazi aliyezoea kipimo kidogo cha unga, akikipima hichohicho kwa dawa ya maji, atapata maji yenye nguvu ya sehemu moja tu kati ya ishirini ya inayotakiwa: mikono itatumbukizwa siku nzima bila ya kufaidika. Aliyezoea kikombe cha dawa ya maji, akikijaza unga, atazidisha kipimo zaidi ya mara kumi na ataiunguza mikono ya wenzake. Katika hali zote mbili mtu huyo ameifuata amri. Ameambiwa "dawa", naye ametia dawa.

"Kipimo kilichoidhinishwa" hakiondoi hatari hiyo, kwani kipimo chenyewe hakikutajwa. Kimeachwa ofisini katika faili la mkaguzi. Na kikitajwa kuwa "kijiko kimoja", bado kuna kijiko cha chai na kijiko cha mezani, kilichojaa na kilichosawazishwa. Watu wa Kisumu hawakosi elimu ya vipimo. Sokoni kila mnunuzi wa mahindi anaijua gorogoro, na anaijua vizuri hata anaweza kugundua mkebe uliobonyezwa kitako ili upungue. Elimu hiyo ingeweza kutumika. Kibweta kimoja chekundu, kilichopimwa mara moja kwa mizani na kufungwa kwa uzi kwenye chombo cha unga, kisichotumika kwa kitu kingine chochote, ni kipimo kinachosomwa na asiyejua kusoma. Na mstari uliochorwa ndani ya ndoo penye lita 20 ni tarakimu ambayo haihitaji shule.

Nne, kuna "baada ya saa mbili". Maneno haya yana maana mbili ambazo zote ni Kiswahili sahihi: muda wa saa mbili ukipita, au saa mbili ya asubuhi ikipita. Zamu ikianza saa moja, msomaji wa maana ya kwanza atabadilisha maji saa tatu, kisha saa tano, saa saba na saa tisa. Msomaji wa maana ya pili atabadilisha maji mara moja tu, saa mbili ikishapita, na kwa siku nzima iliyobaki atakuwa na hakika kwamba ametimiza wajibu wake. Kuongeza "kila" mbele ya maneno hayo husaidia katika maandishi, lakini ni neno fupi ambalo hupotea kwa urahisi katika kelele za chumba cha kuchunia. Tatizo huzidi fomu ya kumbukumbu inapoandikwa kwa saa za Kiingereza, ambapo saa mbili asubuhi ni 8. Njia iliyo salama ni kutotaja muda kabisa, bali kuzitaja saa zenyewe: "Badilisha maji saa tatu, saa tano, saa saba, saa tisa." Asiyeweza kusoma hata hayo anaweza kuonyeshwa saa ya ukutani iliyobandikwa utepe mahali pa saa hizo nne.

Mwisho, "yanapochafuka" humwachia mfanyakazi aamue kwa jicho jambo ambalo jicho haliwezi kuliamua. Klorini humalizika kabla maji hayajaonekana machafu. Wala pua haisaidii, kwa maana harufu kali mara nyingine hutokana na klorini iliyokwisha kuungana na uchafu. Kinachoonyesha ukweli ni karatasi ya kupimia, ambayo hubadilika rangi ikichovywa, na rangi hiyo hulinganishwa na nyingine zilizochapwa kando ya kasha lake.

Inafaa kuongezwa kwamba udhaifu huu si wa Kiswahili cha Kisumu. Mabaki ya sangara baada ya kuondolewa minofu, yaani kichwa na mifupa, huuzwa na kukaangwa katika mtaa wa Obunga kwa jina la "mgongo wazi". Jina hilo halikutoka katika ofisi yoyote. Ni fupi, linaonekana kwa macho, na hakuna anayehitaji kulielezwa mara mbili. Watu waliolibuni ndio haohao wanaobandikiwa "kipimo kilichoidhinishwa".

4. Swali lenyewe

Tuseme sasa kwamba tangazo limerekebishwa na msimamizi amelieleza kwa mdomo. Humaliza kwa kuuliza: "Umeelewa?" au "Umesikia?" na hujibiwa: "Ndiyo" au "Nimesikia." Majibu haya yana thamani gani?

"Kusikia" katika Kiswahili ni kupokea sauti kwa sikio, na pia ni kutii. Mtoto "asiyesikia" si kiziwi. Katika Dholuo kitenzi "winjo" hubeba kusikia, kuelewa na kutii kwa pamoja. Msimamizi anayeuliza "Iwinjo?" anaweza kuwa anauliza lolote kati ya matatu hayo, na anayejibu "Ee" anaweza kuwa anajibu jingine. Mfanyakazi aliyeisikia sauti na aliye tayari kutii atajibu ndiyo kwa unyofu, ingawa hakuyaelewa maagizo. Hakudanganya. Ameulizwa kama ana adabu, naye amethibitisha kwamba anayo.

Swali la kukanusha ni baya zaidi. Msimamizi akiona uso wenye wasiwasi huuliza: "Hujaelewa?" Kwa kanuni ya Kiswahili, "ndiyo" hapa huafiki kauli iliyoulizwa: ndiyo, sijaelewa. Lakini msimamizi aliyezoea Kiingereza cha ofisini huisikia "ndiyo" kuwa ina maana ya "nimeelewa", akaendelea na kazi yake. Mfanyakazi aliyejikaza akakiri kwamba hakuelewa hujikuta amehesabiwa kuwa ameelewa, na si rahisi kukiri mara ya pili.

Kuna pia suala la heshima. Mama wa makamo akiulizwa na kijana mbele ya wenzake kama ameelewa, jibu la "hapana" humwaibisha yeye kwa kutojua, na humwaibisha kijana kwa kutojua kufundisha. "Ndiyo" huwasitiri wote wawili. Asiyejua kusoma naye huwa amejifunza zamani namna za kujisitiri: miwani imesahauliwa nyumbani, mikono imelowa, karatasi asomewe na mwenzake. Saini yake katika daftari la mafunzo huthibitisha kwamba alikuwapo chumbani. Mkaguzi huisoma kuwa ni saini ya aliyeelewa.

Fasihi simulizi ya Kiswahili imekwisha kulitatua tatizo hili kwa namna yake. Mtegaji akisema "Kitendawili!" hujibiwa "Tega!" Hakuna anayedhani kwamba neno hilo limekitegua kitendawili, linaonyesha tu kwamba wasikilizaji wako tayari. Kuelewa huthibitishwa kwa jibu lenyewe, na anayeshindwa hutoa mji, bila ya fedheha, kwa sababu mchezo umemwekea nafasi ya kushindwa. Viwandani "ndiyo" ya mfanyakazi ni "tega": ni dalili ya utayari iliyochukuliwa kuwa ni jawabu. Kinachokosekana ni kitendawili chenyewe, na nafasi ya heshima kwa anayeshindwa.

5. Namna ya kukagua

Mfano ufuatao unaonyesha jinsi nafasi hiyo inavyoweza kufanywa. Msimamizi kijana amekwisha kumwonyesha mama mmoja, mgeni kazini, jinsi ya kutayarisha ndoo ya klorini: ameifanya kazi mara moja kimya ili itazamwe, na mara ya pili akitaja kila hatua. Sasa hamwulizi kama ameelewa. Anamwambia:

"Mama, nimesema mengi, na pengine nimeruka kitu. Mwenzako wa zamu ya usiku akija akuulize ndoo hii inatayarishwaje, utamwambiaje?"

"Nitamwambia ajaze maji mpaka kwenye mstari. Achote dawa kwa kibweta chekundu, mara moja, atie kwenye maji. Akoroge."

"Ndivyo. Na kile kibweta kikijaa mpaka kikafurika?"

"Nasawazisha kwa kijiti."

"Maji haya utayabadilisha lini?"

"Baada ya saa mbili."

"Leo tumeanza saa moja. Mara ya kwanza utabadilisha saa ngapi?"

"Si nimesema, saa mbili. Saa mbili ikipita tu."

"Hapo mimi ndiye niliyekosea kusema, mama. Hesabu nami kuanzia saa moja: ikipita saa nzima ni saa mbili, ikipita nyingine ni saa ngapi?"

"Saa tatu. Kumbe ni saa tatu."

"Saa tatu. Halafu?"

"Saa tano. Halafu saa saba."

Mazungumzo haya ni mafupi, na mbinu yake yafaa kubainishwa. Swali la kwanza limemweka msimamizi kuwa ndiye anayekaguliwa: kama kuna pengo, ni yeye aliyeruka. Kwa hiyo mama anaweza kukosea bila ya kupungukiwa heshima. Anaombwa afundishe, si ajibu mtihani. Kosa la saa halikufichuliwa na kurudia maneno, kwani mama aliyarudia sawasawa: "baada ya saa mbili." Lilifichuliwa pale alipotakiwa kuyafanyia hesabu katika siku halisi. Hili ni jambo ambalo wasimamizi wengi hulikosa. Kurudia maneno ni kazi ya kumbukumbu, na kasuku huiweza. Kuelewa hujaribiwa kwa hali ambayo haikutajwa katika maelezo: leo ukianza saa ngapi, kibweta kikifurika, chombo cha unga kikiwa kitupu na kando yake kuna chupa ya dawa ya maji. Jibu sahihi la hali hii ya mwisho si kukisia kipimo, bali ni "namwita msimamizi". Na agizo lisilosema ni wakati gani mtu asimamishe kazi na kuita limebaki na tundu.

Baada ya maneno huja mkono. Mama huitayarisha ndoo mwenyewe, msimamizi akiwa kimya, huku mikono yake ikiwa nyuma ili asishawishike kumsaidia. Kisha karatasi ya kupimia huchovywa. Ushahidi ulio bora zaidi hupatikana baadaye, katikati ya zamu, wakati ambapo mama hatazamwi: karatasi huchovywa tena saa nne au saa nane. Rangi ikiwa sahihi siku ya mafunzo na hafifu siku ya tatu, tatizo si la lugha tena. Yawezekana unga umekwisha nguvu, au kazi inaharakishwa kupita kiasi.

Pale ambapo msimamizi na mfanyakazi hawana lugha moja ya kutosha, aghalabu mwenzao huitwa afasiri. Huyu hufasiri kwenda, na mara nyingi hujibu mwenyewe kurudi: "Amesema ameelewa." Hapo hakuna lililothibitishwa. Utaratibu unaofaa ni kumtafuta mtu wa pili ambaye hakuyasikia maelezo ya awali. Mfanyakazi humweleza huyo kazi yote kwa lugha yake, tuseme Ekegusii, naye huyarudisha kwa Kiswahili kwa msimamizi. Kilichopotea njiani huonekana, kwa kuwa mfasiri wa pili hana habari ya kukijazia.

6. Mipaka ya mbinu hii

Isidhaniwe kwamba ukaguzi wa namna hii hutatua kila kitu. Huchukua dakika kadhaa kwa kila mtu, na gari la samaki likishafika mlangoni, barafu ikiyeyuka, dakika hizo hazipatikani. Ndiyo maana lazima ufanyike kabla ya zamu, kwa makundi madogo, na kwa hatua chache tu ambazo kosa lake ni la hatari. Kiwanda kinachokagua uelewa wa kila jambo kitaishia kuuliza maswali kwa mazoea, na mazoea yatazaa "ndiyo" mpya.

Vilevile kuelewa si kutenda. Mfanyakazi wa kibarua anayelipwa kwa uzito wa minofu anaweza kuielezea ndoo ya klorini kikamilifu na bado akairuka, kwa sababu kila mara anapoiendea hupoteza kilo. Hapo lugha haina kosa. Kosa liko katika malipo, na kulirekebisha tangazo ni kumlaumu msomaji kwa dhambi ya mwandishi. Ukaguzi wa uelewa una faida moja hapa: huyatenganisha mambo hayo mawili. Maadamu haijulikani kama mtu ameelewa, kila kosa lake litaitwa ujinga au ukaidi, kwa kadiri ya hasira ya anayeliona.

7. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maagizo ya kazi yaliyozaliwa na misukosuko ya miaka ya 1990 yaliandikwa kwa ajili ya mkaguzi, na kwamba alama za asili hiyo zimo katika sarufi yake: vitenzi visivyo na mtendaji, "dawa" isiyo na jina, na "saa mbili" yenye maana mbili. Imeonyeshwa pia kwamba "Umeelewa?" huuliza zaidi kuhusu adabu kuliko kuhusu maarifa. Baadhi ya viwanda vya Kisumu vimefungwa kadiri sangara walivyopungua ziwani, lakini maandishi ya aina hii yamo pia katika hospitali, mashamba ya miwa na maghala, na wanafunzi wa idara za lugha ndio watakaoajiriwa kuyatafsiri.

Mwanafunzi wa namna hiyo hufundishwa kulinganisha tafsiri na matini ya asili. Kwa maandishi ya kazini kipimo hicho hakitoshi. Tafsiri ichukuliwe mpaka kwenye sinki, apewe mtu ambaye hajawahi kuiona, na itazamwe mikono yake itafanya nini. Akikosea, irudishwe mezani iandikwe upya.